Ujumbe kwa Waliokosa Mapumziko

Siku hiyo ya mechi nilikuwa benchi, kifundo cha mguu kimevimba, na mwalimu alikuwa amenipa kazi ya kuandika maelekezo yake. Namba mbili wetu, beki wa kulia, alikuwa kazini bandarini, namba tatu, beki wa kushoto, alikuwa msibani Morogoro, na wote wawili tuliwategemea kwenye marudiano.

Tulikwenda mapumziko tumefungwa moja bila. Mwalimu alitumia dakika za kwanza kumsema refa, hizo sikuziandika. Kisha akapanga chupa za maji mchangani, kandambili zikawa wapinzani, na hapo tatizo likaonekana. Sisi tulicheza 4-4-2, wao 4-3-3. Viungo wetu wawili wa kati walikuwa wanakimbizana na watatu, na namba sita wao, kiungo anayecheza mbele ya mabeki, ndiye aliyekuwa anapokea mpira bila bughudha na kugeuka. "Kabeni, jamani! Mmelala!" akafoka.

Usiku, nikiwaandikia hao wawili kwenye grupu, niliona kelele ile haimsaidii mtu ambaye hakuziona chupa. Anataka kujua aende lini, na akienda nani anabaki nyuma yake. Kwa hiyo nikaanzia pale mpira unapoanzia.

Beki wao wa kati akiwa na mpira, mshambuliaji wetu mmoja anasimama na namba sita wao, hamfuati beki. Mwenzake anamkabili beki kwa upande, amlazimishe kupiga pasi kwa namba tatu wao. Pasi ikitoka tu, winga wetu wa kulia anamvaa huyo namba tatu. Hapo ndipo namba mbili wetu anapanda kumbana winga wao, beki wa kati anasogea kuziba nyuma yake, na namba tatu wetu anaingia ndani karibu na mabeki wa kati. Winga wetu wa kushoto naye anaingia katikati, tuwe watatu kwa watatu.

Nikaongeza jambo ambalo mwalimu alilisema haraka huku refa akipuliza filimbi: winga akichelewa, na namba tatu wao ameshainua kichwa, namba mbili asipande. Arudi nyuma. Kipindi cha pili tulipanda tumechelewa mara moja, mpira mrefu ukapita juu ya vichwa vyetu, kipa akatuokoa. Tulimaliza moja moja.

Namba mbili alijibu kwa kidole gumba tu. Namba tatu, ambaye hakubali kitu kirahisi, alituma sauti kutoka msibani: "Kaka, nikiingia ndani, winga wao wa kulia namwachia nani?"

Hakuna, nikamwandikia. Tunamwacha kwa makusudi, yuko mbali na mpira. Ukiona mpira umenyanyuliwa kuja upande wako, ondoka wakati uko hewani, usingoje autulize.

Akauliza kama mwalimu mwenyewe ndiye kasema hivyo. Nikamtumia picha ya chupa na kandambili.