Kadi za kazi za pwani: agizo refu linapoanza kujipinga

Mradi huu ni wa kutengeneza kadi za picha zinazoonyesha kazi za mikono za watu wa pwani, kama vile kusuka ukili, kuchonga milango, kuunda madema na kushona kofia, ili watoto wa madarasa ya chini wazitumie wanapojifunza kusoma. Picha ninazitoa kwa modeli ya Stable Diffusion 1.5 katika kompyuta yangu ya nyumbani, kupitia programu ya AUTOMATIC1111. Kumbukumbu ya safari hii inahusu kadi moja tu, ile ya mama anayesuka ukili barazani, kwa kuwa ndiyo niliyoitumia kuchunguza kwa makini ni wapi maelezo ya ziada katika agizo, yaani maneno ninayoipa modeli ili ichore, huacha kusaidia na kuanza kuivuruga picha.

Agizo ninaliandika kwa Kiingereza kwa sababu CLIP, ambayo ndiyo sehemu inayoyasoma maneno na kuyageuza kuwa namba, ilifunzwa zaidi kwa maandishi ya lugha hiyo. Nilianza na agizo fupi:

```
watercolor of a woman plaiting palm leaf on a stone bench,
carved wooden door behind her
```

Picha ilikuwa ya 512 kwa 512, hatua 25, na CFG Scale, yaani namba inayoamua modeli ilifuate agizo kwa nguvu kiasi gani, ikiwa 7. Matokeo yalikuwa matulivu: rangi za maji zilionekana wazi, mama ameketi, mlango upo nyuma yake. Upungufu ulikuwa katika mambo madogo. Nguo yake haikuwa na pindo kama la kanga, mlango haukuwa na misumari ya shaba, na mtaa haukuonekana kabisa. Kila upungufu ulikuwa na jibu jepesi, yaani kuongeza maneno, na kwa makusudi niliacha agizo likue hadi likafika hapa:

```
watercolor of a woman plaiting palm leaf on a stone bench,
yellow cotton wrap with red border, green carved wooden door
with brass studs, grey cat, white wall, narrow street with
balconies, close-up of her hands, morning light, dramatic
sunset, photorealistic, sharp focus, highly detailed, 8k
```

Picha iliyotoka ilikuwa na karibu kila kitu nilichokitaja, na hapohapo hapakuwa na kitu hata kimoja kilichokuwa sawasawa. Ukijani wa mlango ulikuwa umeingia kwenye nguo, na wekundu wa pindo umepaka ukuta ambao niliutaka mweupe. Ngozi ya mama iling'aa kama nta, kwa namna ambayo si ya picha ya kamera wala ya brashi. Mikono ilikuwa mikubwa kuliko mwili, na vidole vilikuwa vimeungana na majani ya ukili kiasi kwamba huwezi kujua kidole kinaishia wapi na jani linaanzia wapi. Paka alikuwa na rangi ya jiwe, naye ameyeyukia kwenye baraza.

Ni rahisi kudhani kwamba tatizo ni urefu wenyewe, kwa maana CLIP ina kikomo. Kila andiko hukatwakatwa kuwa tokeni, yaani maneno au vipande vya maneno, na nafasi zilizopo ni 77. Mbili kati yake huchukuliwa na alama za mwanzo na mwisho, hivyo zinazobaki kwa mwandishi ni 75. Lakini kihesabio kilicho kwenye kona ya kisanduku cha agizo kilionyesha kwamba agizo langu bado lilikuwa chini ya 75. Picha ilivurugika kabla ya kikomo kufikiwa, na kwa hiyo sababu ilipaswa kutafutwa ndani ya agizo lenyewe.

Sababu ya kwanza imo katika jinsi modeli inavyoyatumia maneno. Katika kila hatua ya kuchora, kila sehemu ya picha huangalia tokeni zote na kugawa usikivu wake baina yao, na jumla ya mgawo huo ni moja daima. Neno jipya halileti usikivu mpya. Linamega sehemu ya ule uliokuwapo. Tena hakuna kamba inayoifunga sifa na kitu chake. Neno `green` na neno `door` yako karibu katika sentensi, na ukaribu huo husaidia, lakini hakuna kinachoizuia sehemu ya picha yenye nguo kusikiliza `green` pia. Rangi moja katika agizo hukaa mahali pake mara nyingi. Zikiwa tano, yaani njano, nyekundu, kijani, kijivu na nyeupe, zitavuja tu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonichukua muda mwingi: baadhi ya maneno yalikuwa yanaomba vitu visivyoweza kuwa katika picha moja. Ukiyasoma kwa haraka huoni ubishi, kwa kuwa kila neno liliongezwa kwa wakati wake na kwa nia njema. `close-up of her hands` linataka mikono ijaze picha, hali `narrow street with balconies` linataka macho yasimame mbali. Modeli haichagui mojawapo na kuliacha jingine kama ambavyo angefanya mchoraji aliyeagizwa na mteja. Inavutwa na yote mawili na kutoa kitu cha katikati, na mikono ile mikubwa kuliko mwili ndiyo suluhu yake. `morning light` na `dramatic sunset` yalitoa kivuli kinacholala pande mbili. `watercolor` na `photorealistic` yalitoa ile ngozi ya nta. Kwa uzoefu wangu hii ndiyo alama ya kuaminika ya agizo linalojipinga: kasoro haiwi kukosekana kwa kitu, bali kitu kuwapo nusunusu.

Ili kuyatenganisha haya mawili nilitumia njia ya kuondoa. Unaifunga namba ya `seed`, ambayo ndiyo inayoamua vumbi la mwanzo, yaani madoa ya kubahatisha, ambalo picha huchongwa kutoka humo, kisha unaondoa kifungu kimoja cha agizo na kuchora upya bila kugusa kingine chochote. Ni lazima jaribio lirudiwe kwa namba kadhaa za `seed`, zilezile kila mara, kwa sababu hata kuondoa mkato mmoja kunaweza kusogeza mambo kidogo, na kwa namba moja utaichukulia bahati kuwa sheria. Picha isipobadilika, kifungu kilikuwa kimekufa na hakuna hasara kukiondoa. Ikiharibika, kirudishwe. Na ikiwa kuondoa kifungu kimoja kumekiamsha kingine ambacho awali hakikuonekana, basi hivyo viwili vilikuwa vinagombana.

Kwa njia hii ilibainika kwamba `8k` na `highly detailed` havikubadilisha lolote la maana katika picha ya rangi za maji. Kuondoa `photorealistic` na `sharp focus` kwa pamoja kulirudisha karatasi na madoa ya brashi mara moja. Kuondoa `green` pekee kuliisafisha nguo kuliko nilivyotarajia, na mlango ukarudi kwenye rangi yake ya mbao, ambayo kwa kweli ndiyo inayofaa zaidi kwa kadi hii.

Hata hivyo rangi za maji hazikurudi kwa nguvu zilizokuwa nazo katika agizo fupi, na hapo ndipo uchunguzi uliponifikisha kwenye kisanduku cha pili, kile cha `Negative prompt`. Wakati agizo linakua nilikuwa nimebandika humo orodha ya aina inayosambazwa sana miongoni mwa watumiaji, ya mambo ya kuepukwa: vidole vya ziada, ukungu, sura mbaya, na kuendelea. Ndani ya orodha hiyo mlikuwa na `painting, drawing, sketch`. Orodha za namna hii hutungwa na watu wanaotaka picha zinazofanana na za kamera, na kwao maneno hayo yana haki ya kuwapo. Kwangu yalikuwa yanapinga neno la kwanza kabisa la agizo langu.

Inafaa kueleza kwa nini ubishi huu una nguvu hivyo. Modeli hukadiria mara mbili katika kila hatua: mara moja ikifuata agizo, na mara moja ikifuata kisanduku cha kuepuka. Kisha huchukua tofauti ya makadirio hayo, huizidisha kwa namba ya CFG Scale, na kuisukuma picha kuelekea agizo na mbali na vya kuepukwa. Ukiomba rangi za maji upande mmoja na kukataza uchoraji upande wa pili, ile tofauti yenyewe inapungua, na kinachozidishwa kwa 7 ni kitu kidogo. Watu wengi wakiona hivyo huipandisha CFG Scale, na picha huwa na rangi kali zilizoungua bila kuwa wazi zaidi. Wengine huongeza uzito kwa kuandika `(watercolor:1.4)`; nalo husaidia kwa kiasi, ila uzito ukipita hapo sura huanza kupinda, na ubishi unabaki palepale.

Kuhusu maagizo yanayovuka kikomo nitasema kwa ufupi. AUTOMATIC1111 huligawa agizo refu katika mafungu ya tokeni 75, husoma kila fungu peke yake, kisha huyaunganisha; maneno yaliyoangukia fungu la pili huwa hayajui yaliyotangulia. Maktaba ya diffusers, katika matumizi yake ya kawaida, hukata kinachozidi na kutoa onyo ambalo ni rahisi kulipita bila kulisoma. Modeli za baadaye kama FLUX.1 ya mwaka 2024 hutumia pia kisomaji cha T5, ambacho hubeba maelezo marefu na kuzishika sifa na vitu vyake vizuri zaidi. Hilo hupunguza kuvuja kwa rangi. Haliondoi ubishi kati ya machweo na asubuhi, kwa kuwa huo uliandikwa na mwombaji mwenyewe.

Agizo la kadi sasa limesimama hivi, na kisanduku cha kuepuka kina `blurry, text` tu:

```
soft watercolor of a woman on a stone bench plaiting palm leaf,
yellow cotton wrap, carved wooden door behind her, morning light
```

Kilichoachwa nje hakijapotea. Mtaa wenye roshani umekuwa kadi ya pekee. Pindo jekundu na misumari ya shaba ninaviongeza kwa inpaint, yaani ninafunika sehemu hiyo tu kwa brashi na kuipa agizo lake fupi la maneno machache, `Denoising strength` ikiwa karibu na 0.5 ili umbo lililopo lisibadilike. Paka amekubali kwa njia hiyohiyo, ila kwake ilibidi nipande hadi 0.75, kwa kuwa mahali pake palikuwa na jiwe tupu. Vidole bado vinahitaji kazi. Namba ya chini inaviacha vilivyo, na ya juu inauondoa ukili mikononi, kwa hiyo kabla ya kuingia kadi ya fundi wa milango nitajaribu kuchora mstari wa vidole kwa mkono wangu, kisha niiache modeli ipake rangi peke yake.