Haragwe kwenye sikio la mwanangu

Ilikuwa jumamosi jioni, mwanangu alikuwa na miaka 4, alikuwa sakafuni anachezea maharagwe makavu anayapanga mistari mistari mi nimekaa pembeni nakunja nguo. Akaja taratibu kabisa akaniambia mama, haragwe limeingia huku, akaonyesha sikio la kulia. Halii, hana shida, yaani ameniambia kama mtu anayekwambia kiatu kimefunguka. Nalikumbuka sana hilo la utulivu wake manake baadaye ndo nilikuja kujua kwamba dakika zile ndo zilikuwa bora kuliko zote, na mimi ndo niliyeziharibu.

Nikawasha tochi ya simu nikalivuta sikio kidogo nikaliona. Liko pale, mgongo wake mwekundu unang'aa, haliko mbali kabisa, nikahisi hata ukucha ungelifikia. Sasa niambie mama gani ataliona hivo halafu aliache? Nikachukua kibano changu cha nyusi, nikamlaza kichwa mapajani, nikamwambia usitikisike mwanangu, sekunde moja tu.

Nikalibana, likateleza. Nikalibana tena likateleza tena, na kila likiteleza lilikuwa linaenda ndani kidogo, mi nikawa nadhani ni mwanga wa tochi unanidanganya. Haragwe ni la duara, ni laini, na kibano kina ncha mbili, ili kilishike lazima ncha zipite pembeni mpaka zivuke unene wake wote. Kwenye tundu la sikio la mtoto hiyo nafasi ya pembeni haipo. Kwahiyo ncha zinaishia kwenye mgongo wa haragwe na ukizikaza linachomoka kwa mbele, kama mbegu ya chungwa ukiiminya kwa vidole viwili. Mara ya tatu au ya nne mtoto akashtuka akageuza kichwa, kibano kikamgusa ndani, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

Baba yake akaja mbio. Akasema kibano hakifai, tutumie pini ya nywele tuipinde tulivute haragwe kutokea nyuma. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga, nitaeleza. Lakini mtoto alishaogopa, akawa anarusha miguu, baba yake kamshika kichwa mimi nina pini, mikono inatetemeka, na ukitazama kwa tochi ya simu mkono wako mwenyewe unaziba mwanga huoni unachogusa. Pini ikatoka na damu. Kidogo tu, kwenye ncha, ila nilipoiona nikaitupa chini nikaanza kulia na mimi.

Hapo tungesimama. Hatukusimama. Jirani aliyesikia kelele akaja akasema kwa nia njema kabisa, wekeni maji ya uvuguvugu litaelea litoke lenyewe. Tukaweka, vijiko viwili vitatu, tukamlaza kwa ubavu yatoke. Maji yakatoka, haragwe halikutoka. Akatulia akalala na sisi tukajipa moyo, tukasema kesho asubuhi tutaona.

Saa kumi alfajiri aliamka analia ameshika sikio, hataki hata shuka limguse. Sasa fikiria, ukiloweka haragwe kavu usiku asubuhi unalikuta limekuwa karibu mara mbili, hilo nilikuwa nalijua maisha yangu yote, nimeloweka maharagwe mara ngapi? Na bado sikuunganisha. Tulikuwa tumeliloweka ndani ya sikio la mtoto.

Tukaondoka naye kwenda hospitali. Njiani analia na mimi ili anyamaze nikampa biskuti na maziwa, akala akatulia. Kumbuka hizo biskuti.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mpole. Kabla hajashika kitu aliuliza ni kitu gani kimeingia, lini, na mmejaribu kutoa na nini. Nikaona aibu nikasema tumejaribu kidogo. Akasema mama, niambie vyote, sikuulizi kukulaumu, naangalia nitakachokikuta. Nikamwambia kibano, pini, maji. Akaangalia na kile kidude chao chenye taa, muda mfupi tu, akarudi nyuma akakaa.

Akatuchorea kwenye karatasi. Tundu la sikio la mtu mzima lina kama sentimita 2.5 mpaka kufika kwenye ngoma ya sikio, la mtoto ni fupi zaidi. Kipande cha nje kimezungukwa na gegedu, kile kitu kinachopindika kama ncha ya pua, na ngozi yake ni nene kidogo inavumilia. Kipande cha ndani kimezungukwa na mfupa, ngozi yake ni nyembamba sana imelala juu ya mfupa moja kwa moja, ukiigusa inauma mno na inatoa damu upesi. Na kuna sehemu tundu linabana kabla ya kufika mwisho. Kitu kikiwa upande wa nje wa hapo palipobana, kukitoa mara nyingi ni kazi ndogo. Kikisukumwa kikavuka kinakaa kule kwenye mfupa, jirani na ngoma, na kutoka tena inabidi kipite kwenye ule mlango mwembamba. Haragwe letu lilikuwa limeshavuka. Halafu likavimba, na ngozi iliyochubuliwa na pini nayo ikavimba, kwahiyo lilikuwa limekabwa pande zote.

Nikamuuliza kama tungekuja jana jioni? Akasema jana angekaa mapajani kwako umemkumbatia, mmoja anamshika kichwa, natumia kindoano kidogo kisicho na makali, nakipitisha juu ya haragwe mpaka nyuma yake nakigeuza nalivuta mbele, au mrija wa kunyonya. Ndo kazi ile ile baba yake alitaka kuifanya na pini, tofauti ni taa inayomulika moja kwa moja ndani, kifaa chenye ncha butu, na mtoto ambaye bado hajaumizwa. Akasema nafasi nzuri ni ile ya kwanza, mtoto akishaumia hakubali tena, na kila jaribio linalofeli linaongeza uvimbe na damu, basi linalofuata linakuwa gumu zaidi. Yeye mwenyewe hakujaribu. Alisema nikigusa hapa naweza kulisukuma kwenye ngoma, akatuandikia kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Na pia, hili ndo liliniuma, alisema haragwe kavu kwenye sikio la mtoto asiye na maumivu lingeweza kusubiri hata mpaka asubuhi bila neno, ilimradi lisiguswe na lisilowe. Kinachotakiwa kukimbiziwa saa hiyo hiyo ni ile betri ndogo ya duara kama ya saa, iwe sikioni au puani, manake hiyo inaunguza nyama ndani ya masaa machache, na ukiweka maji unaizidishia. Mafuta tunayoambiwaga ni ya mdudu aliye hai anayehangaika mule ndani, kumuua, na hapo napo ngoma iwe haijatoboka. Sisi hatukuwa na betri wala mdudu. Tulikuwa na muda wa kutosha tukautumia vibaya.

Kwa daktari bingwa ikaonekana haliwezi kutolewa akiwa macho, itabidi apigwe nusu kaputi. Akauliza amekula saa ngapi. Biskuti. Kwa dawa ya usingizi tumbo linatakiwa liwe halina chakula kwa masaa 6, kwasababu mtoto akilala chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Kwahiyo tulikaa kwenye benchi masaa yote hayo na mtoto analia sikio, hapati hata chakula kingine cha kumbembelezea, kwasababu ya biskuti zangu mbili. Kama unapeleka mtoto mwenye kitu kilichonasa na unaona mmeshindwa nyumbani, usimpe kula njiani mpaka daktari aseme, mimi hakuna aliyekuwa ameniambia.

Waliingia naye mchana. Haikuchukua muda, daktari alitoka na kikopo kidogo cha plastiki. Alisema ilibidi alivunje haragwe humo humo kwa kutumia darubini na alitoe kipande kipande, vilikuwa vipande vitatu, vimelainika, ganda limechanika. Ngozi ya tundu ilikuwa na michubuko miwili, ngoma ilikuwa nyekundu lakini haijatoboka. Pini ingeenda milimita chache mbele ingekuwa hadithi nyingine.

Halafu akanionyesha kitu kingine kwenye kipande cha gozi. Wakishamlaza mtoto huwa wanaangalia na sikio la pili na matundu yote mawili ya pua, manake mtoto anayejaza vitu mara nyingi hajajaza kimoja. Kwenye pua ya kushoto alikuta kipande cha sponji, kimeoza, kijivu, kinanuka vibaya sana. Nikakaa chini. Wiki tatu nzima mtoto alikuwa na kamasi nzito zenye harufu, upande mmoja tu, wa kushoto. Nilikuwa nampa dawa ya mafua. Mafua yanatoka pande zote mbili, ya upande mmoja tena yenye harufu kwa mtoto mdogo ni kitu kimo ndani mpaka ithibitike hakimo, ndivyo alivyosema. Na akasema afadhali hamkukiona, mngeanza kuchokoa na kile, na kwenye pua ukisukuma nyuma kinaweza kudondokea kooni kikavutwa kwenye njia ya hewa, hapo siyo suala la sikio tena, ni pumzi.

Tulipewa matone ya antibayotiki ya sikio kwa siku 7, sikio lisiingie maji mpaka turudi, tukarudi baada ya wiki mbili. Michubuko ilikuwa imepona, walimpima kusikia kuko sawa. Alikubali daktari amwangalie bila shida, akageuza kichwa mwenyewe. Ila nyumbani mimi nilipotaka kumwekea matone, ile wiki yote, alikuwa anaziba sikio kwa viganja vyote viwili ananiambia mama hapana, baba hapana, na ilibidi dada yake wa miaka 11 ndo awe anamwekea, amelala kwa ubavu, mi nimesimama mlangoni nahesabu matone kwa mbali.