Neno "Mama" kwenye Ujumbe wa Alfajiri

Simu kutoka kwetu Bweni, Pangani, iliingia saa kumi na moja kasoro alfajiri, siku ya Alhamisi. Nilikuwa naishi Makorora, Tanga, chumba kimoja na sebule, na mama mzazi alikuwa amekuja kwangu toka Jumapili kwa ajili ya macho yake. Aliyepiga alikuwa kaka yangu. Hakusema mengi. "Mama ametutoka. Tunazika leo baada ya Alasiri, msichelewe josho."

Nyumbani kwetu, ukisema "mama" bila kuongeza neno, unamkusudia mama mkubwa. Yeye ndiye aliyenichukua nikiwa na miaka mitatu, akanilea huko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akanisomesha kwa pesa za madafu na mikeka. Mama mzazi tunamwita mama mdogo, kama wanavyomwita watoto wa dada yake. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kueleza mtu yeyote.

Wakati huo nilikuwa karani wa mishahara kwenye kampuni moja pale Tanga mjini. Vibarua wetu 23 walilipwa kila Jumamosi saa sita mchana, na orodha yao ya malipo niliiandaa mimi kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Daftari lilikuwa kwenye droo yangu na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Kwa hiyo nikikaa kitako kulia, nalia huku nikijua kwamba keshokutwa watu 23 wanaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Nilimpigia meneja mara mbili, hakupokea. Nikaanza kuandika ujumbe. Wa kwanza ulikuwa mrefu. Nilieleza jinsi alivyougua, jinsi nilivyomwona mara ya mwisho, jinsi roho yangu ilivyokuwa. Nilipousoma tena nikaona mtu anayeamka asubuhi na kuusoma hatajua nataka nini: sikutaja siku ya kurudi, wala sikutaja vibarua. Nikaufuta. Mzee yule alikuwa muungwana, angenipa pole, lakini baada ya pole angelazimika kunipigia kuniuliza mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayajua, na pengine angenipata nikiwa na maji ya josho mikononi.

Nikaandika hivi:

"Shikamoo Mzee. Samahani kukusumbua alfajiri, nimepiga sijakupata. Nimefiwa na mama yangu huko Bweni, Pangani, tunazika leo baada ya Alasiri. Naomba ruhusa leo, kesho na Jumamosi, siku ya hitima. Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa kazini, inshallah. Malipo ya Jumamosi: daftari limejazwa mpaka jana. Ufunguo wa droo nampa mwenzangu wa stoo sasa hivi. Leo na kesho msimamizi ajaze mahudhurio, mhasibu ajumlishe kesho mchana kabla ya kwenda benki. Simu nitaipokea baada ya maziko."

Siku tatu sikuzitaja kwa kubahatisha. Kwetu matanga huanuliwa siku ya tatu, na mtoto wa kike aliyelelewa na marehemu hawezi kuondoka kabla. Nilijua pia kwamba nikiandika "siku chache" nitakuwa nimemwachia Mzee kazi ya kukisia, na anayekisia hawezi kupanga.

Mwenzangu wa stoo tulikutana stendi. Nilimkabidhi ufunguo mkononi, nikamwonyesha kwenye karatasi mahali daftari lilipo. Akanishika mkono, "Pole dada, nenda kamzike mama." Kosta ikaondoka. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kiasi cha kilomita 50, na safari nzima mama mdogo hakusema neno. Alikuwa akivuta uradi tu.

Alizungumza tukiwa kwenye kivuko, katikati ya mto.

"Umewaambia kazini?"

"Nimewaambia."

"Umewaambia nani kafa?"

"Nimewaambia mama."

Akanigeukia. Hakuuliza zaidi, lakini niliyaona macho yake, nikaelewa. Kwenye faili langu la kazi kulikuwa na fomu niliyojaza siku ya kuajiriwa, na penye jina la mama niliandika jina lake yeye. Desturi ya pale ilikuwa kubandika tanzia ubaoni na kuanza mchango siku hiyohiyo, na jina la marehemu angelichukua wapi afisa utumishi kama si kwenye faili? Mama yangu mzazi alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshika chuma cha kivuko, na huko mjini huenda jina lake lilikuwa likiandikwa kwenye tangazo la msiba.

Sikuwa nimesema uongo. Hata hivyo msomaji wa ujumbe ule alikuwa ameelewa jambo ambalo si kweli, na mwenye kulirekebisha nilikuwa mimi. Kabla hatujashuka upande wa Bweni niliandika tena:

"Mzee, naomba nisahihishe neno moja la asubuhi. Aliyefariki ni mama mkubwa, dada yake mama mzazi, ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi yu hai, niko naye hapa. Niliandika mama kwa kuwa ndivyo nilivyomwita maisha yangu yote. Tafadhali jina lililo kwenye faili lisitumike kwenye tanzia. Kama ruhusa inabadilika, naomba siku zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka."

Jibu lilikuja baada ya dakika kama kumi: "Pole sana binti yangu. Nimeelewa, tangazo nimelisimamisha. Zika mama. Tutaongea Jumatatu."

Nilizima simu nikaingia chumbani walikokuwa wanawake. Nilishika kata, nikamwagia maji upande wa kulia, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe tulipomwosha bibi.

Jumatatu afisa utumishi alinisomea kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiriwa ana haki ya siku zisizopungua nne zenye malipo akifiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo nne ni za mzunguko mzima wa likizo, hata misiba ikiwa miwili, na mwajiri anaweza kudai uthibitisho kabla ya kulipa. Mama mkubwa hakutajwa. Alisoma orodha mara mbili, taratibu, nadhani naye alikuwa akimtafuta.

Iliniuma, sitaficha. Lakini niliwaza pia ingekuwaje kama ningenyamaza. Ningepewa siku zile kwa jina la mama mzazi, kisha nikadaiwa uthibitisho, na barua ya mtendaji wa kijiji ingetaja jina jingine kabisa. Na siku mama mdogo atakapofariki kweli, ningeomba ruhusa kwa maneno gani?

Siku zangu tatu zikakatwa kwenye likizo ya mwaka, ile ya siku 28. Mzee alisaini bila kuinua kichwa, kisha akanisogezea bahasha ya mchango. Juu yake mtu alikuwa ameandika "Rambirambi, msiba wa mama", halafu kwa kalamu nyingine, kwa herufi ndogo, akaongeza "mkubwa".

Penye fomu ya likizo palikuwa na mstari wa uhusiano na marehemu. Niliandika: mama mkubwa, mlezi wangu tangu utotoni. Nafasi haikutosha, nikamalizia pembeni. Kisha nikaenda kwenye droo yangu kutazama daftari. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko wa msimamizi, na penye Jumamosi palikuwa na saini 23.