Mifuko 40 ya saruji iliyouzwa mara mbili

Ripoti ya matawi yetu matatu ilisema tumeuza mifuko 65 ya saruji, ilhali wateja walinunua 25 tu. Kariakoo walipeleka mifuko 40 Mbagala wakaiandika kama mauzo, na Mbagala wakaiandika kama manunuzi. Fedha za ndani zikahesabiwa kama mapato.

Kwanza niliongeza safu ya aina ya muamala: MAUZO, MANUNUZI au UHAMISHO. Aina iko safu C, idadi ya mifuko safu E. Jumla ya mauzo sasa inachukua aina moja tu:

```
=SUMIFS(E:E,C:C,"MAUZO")
```

Kilichonisaidia zaidi ni stoo ya nne ya kwenye karatasi, NJIANI. Gari likitoka, Kariakoo inapungua 40 na NJIANI inaongezeka 40. Mbagala wakipokea, NJIANI inapungua na Mbagala inaongezeka kwa idadi waliyoihesabu wenyewe, si ile ya hati. Kwa hiyo mzigo ulio barabarani mwisho wa mwezi haupotei kwenye ripoti, na jumla ya UHAMISHO wote lazima iwe sifuri.

Safari ile Mbagala walihesabu 38. NJIANI ikabaki na 2: mifuko iliyopasuka garini. Niliiandika kama hasara, kwa bei ya kununulia.