Toroli langu lilikubali kila kitu isipokuwa kugeuka

Aliyenishauri ninunue mota zenye nguvu zaidi namdai siku mbili. Toroli langu liko stoo kwa mama mkwe hapa Nkuhungu, Dodoma, linabeba kreti ya zabibu, na mota ni zilezile za mwanzo.

Stoo yenyewe ni kijia chembamba kati ya kreti, hamna pa kukatia kona. Ndiyo maana nikaagiza Dar magurudumu ya mekanamu, yale aliyobuni Mswidi Bengt Ilon miaka ya 1970. Kila gurudumu limezungushiwa rola ndogo zilizolala mshazari wa digrii 45, kwa hiyo linasukuma kimshazari. Ukipanga vizuri misukumo hiyo minne, chombo kinakwenda mbele, kinakwenda kando kama kaa, au kinageuka palepale kilipo. Vyote vilinila laki nne na ushee, sikuandika. Fremu alinikatia seremala, mraba kamili, sentimita 40 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Huo mraba nilijivunia, na ndio ulioniponza.

Joistiki inatoa namba tatu, kila moja kati ya -1 na 1: y ni mbele, x ni kando kulia, r ni kugeuka kulia. Kila mota inapata mchanganyiko wake:

```
float g = max(1.0, fabs(y) + fabs(x) + fabs(r));
kushotoMbele = (y + x + r) / g;
kuliaMbele   = (y - x - r) / g;
kushotoNyuma = (y - x + r) / g;
kuliaNyuma   = (y + x - r) / g;
```

Hiyo g sikuwa nayo mwanzoni, nitaifikia.

Siku ya kwanza, mbele safi. Kando, nasukuma kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Mimi kwa ufundi wangu nikageuza alama ya x kwenye programu, likatii, nikajipongeza kwa soda. Kisha nikajaribu kugeuka. Magurudumu yote manne yakazunguka, rola zikalia kwenye saruji, toroli halikusogea, kama limepigiliwa misumari. Nikalipandisha juu ya matofali: ya kushoto yanakwenda mbele, ya kulia yanarudi nyuma, kama inavyotakiwa. Nikalishusha, likagoma tena. Hapo ndipo muuzaji akaniambia kwenye simu kwamba nguvu haitoshi. Mwingine akasema nibadilishe nyaya. Nilibadilisha, nikavuruga hata kwenda mbele.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu wa kidato cha tatu. Alilala kifudifudi na chaki, akachora sakafuni mstari kufuata mhimili wa rola inayogusa chini, gurudumu kwa gurudumu. Tulipoondoa toroli na kurefusha mistari, yote minne ilikutana katikati kabisa.

"Mjomba, unasukuma mlango kwenye bawaba."

Msukumo wa gurudumu la namna hii hupita kwenye mhimili wa rola iliyo chini. Ukipita katikati ya chombo, hauna mkono wa kukizungusha, hata ufunge mota ya lori. Fremu yangu ingekuwa ndefu kuliko upana wake, mistari isingekutana sawasawa, toroli lingezunguka kinyume, nami ningeshtuka mapema. Na ile x iliyokwenda kinyume ilikuwa dalili ya kosa hilohilo, magurudumu kufungwa pande zisizo zake, mimi nikaifuta.

Kwanza nikavua kila gurudumu na kuligeuza, upande wa ndani ukawa wa nje. Kazi bure: ni kama skrubu, hata ukiigeuza kichwa chini nyuzi zake hulala vilevile. Dawa ni kubadilishana, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mbele na nyuma. Ukisimama juu ya toroli, rola za juu zichore X. Za chini hulala kinyume chake, zinachora almasi. Nikairudisha alama ya x, likageuka papo hapo.

Sasa hiyo g. Nilikuwa nakata tu chochote kinachozidi 1. Chukua y = 1 na x = 0.5: mota zinadai 1.5, 0.5, 0.5, 1.5. Ukikata, zinabaki 1, 0.5, 0.5, 1, ambayo ni sawa na mbele 0.75 na kando 0.25. Uliomba nusu mita kando kwa kila mita ya mbele, umepewa theluthi, na kona ya kreti inakula ukuta. Ukigawanya zote kwa 1.5 unapata 1, 0.33, 0.33, 1: mwendo unapungua, mwelekeo unabaki.

Kando bado ni polepole kuliko mbele, rola zinateleza kidogo, hilo nimelizoea. Vumbi letu ndilo linalonisumbua. Likiingia kwenye rola moja ikakwama, toroli linapinda kila likienda kando, kwa hiyo kila Jumamosi nazungusha rola moja moja kwa kidole, na mswaki mkononi.