Nilivyorekebisha ritani ya 2023 baada ya kusahau riba ya nyumba

Mwajiri wangu hapa Kenya hakuingiza riba ya mkopo wa nyumba kwenye P9, fomu ya mshahara na kodi ya mwaka, nami nikajaza ritani ya kodi ya mapato ya 2023 vivyo hivyo. Niligundua kosa hilo benki iliponipa cheti cha riba: shilingi 186,000.

Kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi, niliingia `Returns`, kisha `File Amended Return`, nikachagua mwaka uleule. Katika fomu ya Excel nilijibu kwamba nina mkopo wa nyumba, ndipo sehemu ya riba ikafunguka. Mara ya kwanza niliandika 412,000, jumla ya malipo yote ya mwaka. Hilo ni kosa: kinachopunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi ni riba pekee, si marejesho ya mkopo wenyewe, tena kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Kikomo cha 2023 kilikuwa 300,000. Mshahara wangu unaotozwa kodi ulikuwa 95,000 kwa mwezi, kwa hiyo riba yote iliangukia kiwango cha 30% na kodi ikapungua 55,800.

Barua ya maelezo ya marekebisho iwe fupi, na tarakimu zake zilingane na fomu. Yangu, chini ya PIN yangu ya kodi na namba ya risiti ya ritani ya kwanza, ilisema:

“Ritani ya 2023 haikujumuisha riba ya 186,000 iliyolipwa kwa nyumba ninayoishi. Mapato yanayotozwa kodi yanashuka kutoka 1,140,000 hadi 954,000. Mapato mengine hayajabadilika. Nimeambatisha cheti cha riba, taarifa ya mkopo na P9.”

Kurekebisha hakurudishi pesa. Ombi la kurudishiwa huwasilishwa peke yake, na dirisha la kurekebisha ni miaka 5.