Siku moja maishani mwangu: nilivyosimamia slaidi za bosi

Saa 1:20 asubuhi. Niko kwenye daladala, Morogoro mjini, simu inaita. Ni meneja wa mikopo wa Saccos yetu. "Mdogo wangu, mtoto amezidiwa usiku, tuko hospitali. Kikao cha bodi utasimama wewe. Slaidi nimeshakutumia." Nikamjibu, "Pole sana dada, Mungu amponye." Mikono ikaanza kutetemeka. Kwenye vikao mimi huandika muhtasari tu, na nikiulizwa jambo natazama daftari.

Saa 2. Slaidi za bosi zina maneno machache, maelezo anayo kichwani. Ya nne inasema malimbikizo ni asilimia 3. Ya tano inasema mikopo iliyo hatarini ni asilimia 12. Naingia kwenye mfumo, nahesabu upya. Wanachama wanadaiwa jumla ya shilingi milioni 400. Marejesho yaliyopita tarehe bila kulipwa ni milioni 12. Lakini ukijumlisha salio lote la waliochelewa zaidi ya siku 30, unapata milioni 48. Kwa hiyo namba zote mbili ni sahihi.

Saa 3. Natafuta mkopo mmoja wa mfano, nauandika kwenye karatasi bila jina la mwanachama.

Saa 4. Slaidi tatu za mwanzo nazisoma haraka, sauti chini. Kwenye ya tano mwenyekiti ananisimamisha. "Binti, pale 3, hapa 12. Tushike ipi?"

Nikaenda ubaoni. Kuandika kulinisaidia, maana sikulazimika kuwatazama usoni. "Mwanachama alikopa 2,400,000 kwa miezi 12, kila mwezi arejeshe 200,000 mbali na riba. Amelipa minne, miwili iliyofuata hajalipa. Malimbikizo yake ni 400,000. Lakini salio ni 1,600,000, na akikwama kabisa hiyo ndiyo hela isiyorudi. Asilimia 3 inahesabu ile 400,000. Asilimia 12 inahesabu 1,600,000."

Mama mmoja mjumbe akauliza, "Kwa hiyo hela hiyo ni akiba zetu?"

"Ndiyo mama. Ndiyo maana vyama vingi hujiwekea kikomo cha asilimia 5 kwa mikopo iliyo hatarini."

Mwingine akapendekeza waliochelewa waongezewe muda, ili namba ishuke kabla ya mkutano mkuu. Moyo ulinidunda, ila nilishakuwa nimesimama. "Itashuka, mzee, kwa sababu siku za kuchelewa zitaanza kuhesabiwa upya. Ila hakuna shilingi itakayokuwa imerudi."

Wakakaa kimya, kisha mwenyekiti akaagiza kila mdaiwa aitwe pamoja na wadhamini wake kabla ya kuongezewa muda.

Saa 8 mchana. Naandaa barua za wito, nikianza na wenye masalio makubwa.

Saa 11 jioni. Bosi anapiga. Mtoto amekunywa uji. Namweleza yote, kisha namwomba mwezi ujao mikopo iliyoongezewa muda iwe na safu yake kwenye slaidi ya tano. "Iweke," akasema, "na uieleze wewe."